Kutoka Maji ya Rusumo hadi Ahadi za Paris

Mnamo tarehe 22 Novemba 1934 Uingereza na Ubelgiji zilitia saini mjini London mkataba kuhusu haki za maji kwenye mpaka wa Tanganyika na Ruanda-Urundi. Ngara ya leo ilikuwa ndani ya mkataba huo tangu kifungu cha kwanza, kwa sababu ni katika wilaya hiyo Mto Ruvubu unaungana na Nyabarongo karibu na maporomoko ya Rusumo na kuwa Kagera. Masharti yake yalikuwa ya aina ambayo hakimu yeyote wa wilaya angeyaelewa bila kuelezwa mara mbili. Atakayechepusha maji ndani ya eneo lake ayarudishe mtoni bila kuyapunguza kwa kiasi kikubwa kabla mto haujafika kwa jirani. Machimbo na viwanda visimwage uchafu unaodhuru upande wa pili. Anayetaka kuanza kumwagilia mashamba kwa maji ya mto wa mpaka amtaarifu mwenzake miezi sita kabla.

Wakoloni wawili hawakuwauliza Wahangaza wala Wasubi lolote. Hata hivyo, muundo wa kisheria wa mkataba ule ni mfano mzuri wa kupimia mkataba mwingine, wa 2015, ambao leo unatajwa katika kila semina ya mazingira kuanzia Bukoba hadi Dodoma. Mkataba wa 1934 ulidai matokeo: maji yarudi. Makubaliano ya Paris yanadai kitu kingine, na wengi wanaoyalaumu au kuyasifu hawajasimama kukitazama.

Kati ya mikataba hiyo miwili kuna historia ndefu inayopita Ngara na Biharamulo mara nyingi kuliko mtu angetarajia.

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, Mwalimu Nyerere alikataa kuvaa mikataba ya wakoloni kama ilivyo. Serikali yake ilimwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbili mbili ingeendelea kutumika kwa miaka miwili tu; baada ya hapo, ule ambao haujajadiliwa upya ungehesabika umekufa, isipokuwa kama sheria ya kimila ya kimataifa inaubakiza hai. Msimamo huo ulipewa jina la Nyerere na bado unafundishwa katika vyuo vya sheria duniani. Kiini chake ni kwamba taifa halifungwi na ahadi ambayo halikuiamua lenyewe. Miaka hamsini na minne baadaye, Paris ilijengwa juu ya wazo linalofanana nalo: kila nchi ijiandikie ahadi yake.

Wazo la tatu, la nchi kuahidiana kupitia shirika la pamoja, lilijaribiwa hapo hapo mtoni. Tarehe 24 Agosti 1977 Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia saini Rusumo makubaliano ya kuanzisha shirika la kuendeleza bonde la Mto Kagera, na Uganda ikajiunga 1981. Makao makuu yalikuwa Kigali. Mradi wake mkubwa ulikuwa umeme wa Rusumo. Wanachama walichelewesha fedha walizoahidi, vita vya miaka ya 1990 vikamaliza kilichobaki, na mwaka 2004 shirika likavunjwa. Hakuna nchi iliyoshtakiwa kwa kutotoa fedha zake. Sioni hata mtu aliyefikiria kufanya hivyo.

Mwaka 1994 mambo mawili yalitokea karibu kwa wakati mmoja. Tarehe 21 Machi, Mkataba Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, uliopitishwa 1992, ulianza kutumika. Wiki tano baadaye, tarehe 28 na 29 Aprili, watu wanaokadiriwa kufikia robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa ishirini na nne hivi, na kambi ya Benako ikazaliwa Ngara. Walihitaji kupika. Miti ya vilima vile iliondoka kwa kasi ambayo wenyeji wa umri wangu hawajaisahau.

Ninalitaja hili kwa sababu ya kanuni moja ya hesabu. Chini ya mfumo wa tabianchi, gesijoto huhesabiwa kwa nchi ambamo imetoka. Msitu uliokatwa Ngara ni hasara katika daftari la Tanzania, hata kama aliyeshika shoka alikimbia vita vya nchi nyingine, na hata kama aliyempokea alikuwa anatimiza wajibu chini ya mkataba mwingine wa kimataifa, ule wa wakimbizi wa 1951. Kanuni hiyo haina ubaya yenyewe, kwa kuwa lazima hesabu ianzie mahali. Lakini inaonyesha mapema kwamba swali la "nani kavunja ahadi" halijibiwi kwa kutazama moshi peke yake.

Jaribio la kwanza la kuweka ahadi zenye meno lilikuwa Kyoto, mwaka 1997. Nchi tajiri zilipewa viwango vya kupunguza, na kamati yenye tawi la utekelezaji. Nchi iliyozidisha ilitakiwa kufidia kila tani iliyozidi katika kipindi kinachofuata, pamoja na asilimia 30 juu yake. Tanzania ilijiunga 2002, bila kiwango chochote cha kupunguza kwa kuwa ni nchi inayoendelea. Kanada ilipoona haitafikia kiwango chake ilitangaza kujitoa Desemba 2011, na mwaka mmoja baadaye ikawa nje. Adhabu haikumfikia aliyeondoka. Marekani ilikuwa imekataa kuridhia tangu mwanzo. Funzo ambalo wanadiplomasia walilichukua, liwe sahihi au la, ni kwamba adhabu kali huwakimbiza wale hasa wanaotakiwa kufungwa.

Ndipo Warsaw, mwaka 2013, nchi zikakubaliana kuandaa michango yao zenyewe kabla ya Paris, na zikaongeza maneno ya kujihami: maandalizi hayo yasichukuliwe kuwa yameamua hadhi ya kisheria ya michango hiyo. Yaani zilianza kuandika ahadi kabla ya kukubaliana kama ahadi zitafunga. Huo ndio mlango ambao hadi leo watu wanagombania.

Makubaliano ya Paris yalipitishwa tarehe 12 Desemba 2015. Moyo wake ni kifungu cha 4. Aya ya pili inasema kila nchi itaandaa, itawasilisha na itaendelea kuwa na mchango wa taifa ambao inakusudia kuufikia, na kwamba itachukua hatua za ndani kwa lengo la kutimiza shabaha za mchango huo. Kila miaka mitano uletwe mpya, na mpya uwe hatua mbele kuliko wa zamani. Maneno ya kuandaa, kuwasilisha na kuchukua hatua ni ya lazima. Maneno ya kufikia namba iliyoandikwa si ya lazima; nchi inakusudia tu. Siku ya mwisho pale Paris, rasimu ilikuwa na neno la lazima pia pale ambapo nchi tajiri zinatakiwa kuongoza kwa kupunguza gesijoto katika uchumi wote. Wamarekani walikataa, kwa sababu wajibu mpya wa aina hiyo ungehitaji kura ya Seneti yao, na neno likalainishwa kama marekebisho ya uchapaji. Nikaragua ililalamika, lakini nyundo ilikwisha kugonga meza.

Kwa lugha ya wanasheria, mkataba umetenganisha wajibu wa matokeo na wajibu wa mwenendo. Kutowasilisha mchango ni kuvunja wajibu wa matokeo, na hilo linaonekana kwa macho: rejesta ya umma ina andiko lako au haina. Kutofikia asilimia uliyoiandika si uvunjaji peke yake. Uvunjaji ungekuwa kukaa bila kujitahidi.

Na nani atasema hujajitahidi? Kifungu cha 15 kimeunda kamati ya wataalamu 12, na mkataba wenyewe unasema isiwe ya kushtaki wala ya kuadhibu. Kwa kanuni zilizopitishwa Katowice mwaka 2018, kamati inaweza kuanza shauri yenyewe pale ambapo nchi haijawasilisha mchango wake au haijatoa ripoti inayotakiwa. Inaweza kuzungumza na nchi hiyo, kuielekeza kwenye msaada wa fedha na ujuzi, kupendekeza iandae mpango, na katika mambo fulani kutamka rasmi kwamba jambo halikufanyika. Basi. Ubora wa ahadi, kama ni kubwa au ndogo, haumo mikononi mwake. Michango mipya ilitakiwa ifike kabla ya tarehe 10 Februari 2025, na nchi nyingi sana zilipitisha siku hiyo. Hakuna bendera iliyoshushwa mahali popote.

Tanzania iliridhia Paris Mei 2018. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ya namna hiyo. Lakini kuridhiwa hakuufanyi mkataba kuwa sheria ambayo mahakama ya Ngara inaweza kuitumia moja kwa moja. Kwa mfumo tuliorithi, lazima Bunge litunge sheria ya kuuingiza ndani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ina kifungu cha 75 kinachomtaka Waziri achukue hatua kuhusu tabianchi, lakini haisemi popote kwamba namba zilizo katika mchango wa taifa zina nguvu ya sheria. Uganda walikwenda mbali zaidi: sheria yao ya tabianchi ya 2021 imeyapa Makubaliano ya Paris nguvu ya sheria nchini mwao na kumruhusu mtu kwenda mahakamani. Kenya wana sheria yao ya 2016, na Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira la Nairobi lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, pamoja na sababu nyingine, kwa kuwa tathmini ya mazingira haikuizingatia sheria hiyo.

Watanzania, hata hivyo, hawapaswi kushangaa kuona maneno mazito yasiyo na hakimu. Sehemu ya pili ya sura ya kwanza ya Katiba yetu, yenye malengo muhimu ya taifa, inaiagiza serikali mambo makubwa kuhusu kazi, elimu na utajiri wa nchi, kisha ibara ya 7(2) inasema wazi kwamba hakuna mahakama itakayoyatilia nguvu masharti hayo. Maneno yale yanaifunga serikali, ila hayashtakiki. Mchango wa taifa unakaa karibu na hapo.

Sasa tuuangalie wenyewe. Andiko la kwanza la Tanzania, la 2015, liliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 10 hadi 20 ifikapo 2030, zikilinganishwa na kiwango ambacho zingefikia kama nchi ingeendelea na mwenendo wa kawaida. Kiwango hicho cha kawaida kilitajwa kuwa tani milioni 138 hadi 153. Andiko la pili, la Julai 2021, liliongeza ahadi hadi asilimia 30 hadi 35. Limebeba namba zile zile, tani milioni 138 hadi 153, lakini safari hii kama kiasi kinachotarajiwa kupunguzwa. Chukua kalamu. Kama milioni 138 ndiyo asilimia 30, basi mwenendo wa kawaida ungefikisha tani milioni 460. Kama milioni 138 ndiyo mwenendo wa kawaida wenyewe, asilimia 30 yake ni tani milioni 41 na ushee tu. Tofauti kati ya tafsiri mbili ni zaidi ya mara tatu. Hata tukimpata hakimu jasiri mwenye mamlaka yote, swali lake la kwanza litakuwa: mmeahidi kupunguza kutoka wapi? Ahadi inayopimwa dhidi ya hali ambayo haitatokea kamwe ni ngumu kuithibitisha kuwa imevunjwa, na ninadhani hiki ni kizuizi kikubwa kuliko ukosefu wa mahakama.

Rusumo inaonyesha upande wa pili. Mji wa Ngara na mji wa Biharamulo kwa miaka mingi ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, mbali na gridi ya taifa. Jenereta ya dizeli hula takriban robo lita au zaidi kidogo kwa kila uniti ya umeme, na kila lita ikiungua hutoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa. Megawati moja ikizunguka siku nzima ni uniti 24,000, karibu lita 6,500, karibu tani 17.5 za hewa ukaa. Hizo ni tani ambazo unaweza kuzionyesha kwa risiti za mafuta. Mtambo wa Rusumo wenye megawati 80, unaogawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, ulianza kuzalisha mwishoni mwa 2023, na njia ya umeme ya kilovolti 220 inaupeleka upande wetu hadi Nyakanazi, Biharamulo.

Mtambo huu haukujengwa kwa sababu ya Paris. Ni ndoto ya 1977 iliyochelewa. Kilichoufanya usimame ni ufadhili wa dola milioni 340 ulioidhinishwa na Benki ya Dunia Agosti 2013, wenye masharti ya fidia, mazingira na ratiba, na kampuni ya pamoja ya nchi tatu inayowajibika nayo. Mpango wa awali wa bwawa kubwa zaidi ulipunguzwa ukawa mtambo unaotumia mtiririko wa mto, ili mashamba na nyumba chache zaidi zifunikwe na maji. Ahadi iliyoandikwa ndani ya mkataba wa ufadhili ilikuwa na mtu wa kuifuatilia, na fedha za kusimamishwa mambo yakienda kombo.

Halafu kuna Biharamulo na bomba. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilometa 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, linaingia Kagera kutoka Uganda na kupita Muleba na Biharamulo kabla ya kwenda Chato. Mafuta yale yana nta nyingi, hivyo lazima bomba lipashwe moto ili yasigande. Mtu wa Biharamulo akisema "bomba hili linavunja ahadi ya taifa ya tabianchi", atakutana na vizuizi kwa mpangilio huu.

Kwanza, hesabu. Moshi wa mafuta hayo utatokea yatakapochomwa, ng'ambo, na utaandikwa katika daftari la nchi itakayoyachoma. Kinachoingia katika daftari letu ni nishati ya kusukuma na kupasha moto, pamoja na miti iliyoondolewa njiani. Pili, kama tulivyoona, andiko la taifa si sheria ya Bunge. Tatu, mahakama za kikanda. Mashirika manne ya Uganda, Kenya na Tanzania yalifungua shauri Novemba 2020 katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, yakidai mradi unakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2023 divisheni ya kwanza ililitupa bila kufika kwenye kiini, kwa sababu ibara ya 30 ya Mkataba inatoa miezi miwili tu tangu kitendo kinacholalamikiwa, na makubaliano ya serikali mbili yalikuwa yametiwa saini Mei 2017. Mkulima asiyeusikia mradi hadi wapimaji wanapopita shambani kwake anaweza kukuta muda huo umekwisha. Nne, mji huo huo wa Arusha una Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na mashirika kuishtaki huko moja kwa moja, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa mashauri mapya.

Mwekezaji wa bomba, kwa upande wake, ana mkataba na serikali uliosainiwa Mei 2021, wa aina ambayo kwa kawaida huja na njia ya usuluhishi na fidia. Chini ya ardhi ile ile ya Biharamulo zimelala ahadi mbili za serikali moja, na moja tu ina wa kuidai.

Hii haimaanishi kwamba mchango wa taifa ni karatasi tupu. Sheria ya 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na haki ya kufungua shauri inapohatarishwa. Mahakama zetu zimewahi kusogea kabla hata ya sheria hiyo: katika shauri la jaa la taka la Tabata, Jaji Lugakingira aliizuia Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na kuitegemea ibara ya 14 ya Katiba, ya haki ya kuishi. Wakili mwerevu hatasimama kortini kudai asilimia 35. Atachukua tathmini ya mazingira ya mradi, aulize kwa nini haikusema lolote kuhusu andiko ambalo serikali yenyewe imelisaini na kulipeleka rejesta ya Umoja wa Mataifa, na amwombe jaji aamue kama uamuzi uliopuuza andiko hilo ni wa busara. Hapo mchango wa taifa unatumika kama ushahidi wa kile serikali inachojua na kile inachokiri. Wadachi walitumia njia ya jirani na hii katika shauri la Urgenda, na Desemba 2019 mahakama yao ya juu ikailazimisha serikali kupunguza kwa asilimia 25. Msingi wake ulikuwa haki za binadamu, si Paris.

Hoja ya kimataifa nayo imesogea. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Haki ya Kimataifa, The Hague, kwa sauti moja, ilitoa maoni ya ushauri yaliyoombwa na Baraza Kuu kwa juhudi za Vanuatu. Ilisema hiari ya nchi katika kuandika mchango wake ina mipaka: mchango lazima uwe wa kiwango cha juu kabisa kinachowezekana kwa nchi hiyo, uwe hatua mbele, na uweze kuchangia vya kutosha katika kuzuia joto lisipite nyuzi 1.5. Nchi inatakiwa kufanya kila linalowezekana kwa uangalifu mkubwa, na uvunjaji unaweza kuleta wajibu wa kufidia. Wajibu huo wa uangalifu hupimwa kwa uwezo wa nchi, na Ngara haitapimwa kwa kipimo cha Rotterdam. Maoni hayo hayatoi amri kwa yeyote. Lakini yameondoa utetezi mmoja wa zamani, ule wa kusema kwamba kilichomo katika andiko ni siri ya moyo wa nchi husika.

Kuna njia nyingine iliyo karibu zaidi na Kagera. Mei 2025 Chama cha Mawakili wa Afrika, chenye makao Arusha, kiliiomba Mahakama ya Afrika maoni ya ushauri kuhusu wajibu wa nchi za bara hili katika tabianchi. Maombi ya ushauri hayategemei lile tamko ambalo Tanzania ililiondoa. Shirika linalotambuliwa na Umoja wa Afrika linaweza kuyapeleka, na jibu litasomwa kwa nchi zote zilizoridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao ibara yake ya 24 inatamka haki ya watu wote kuwa na mazingira ya kuridhisha. Wakili wa Biharamulo anayeshindwa leo kuvuka mlango wa kesi ataweza kulibeba jibu hilo hadi Mahakama Kuu, Bukoba, na kuliweka mezani pamoja na kifungu cha 5 cha Sheria ya 2004.